Nungu na meka iliyobonyea: kutunga ngano ya ukweli kwa watoto wa Likasi

Huku Likasi uwongo tunauita bongo. Neno ni lilelile la Kiswahili sanifu. Pale ambapo sanifu ina kiambishi u-, Kiswahili cha Katanga mara nyingi kina bu-, na bu- ikikutana na -ongo tunapata bongo. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno hilo atafikiria akili, tena ile akili ya kuponea mjini, kwa sababu kwake bongo ni ubongo. Nilikuwa nikilichukulia jambo hili kama mzaha wa darasani, mpaka nilipojaribu kutunga ngano ya wanyama ya kuwafundisha watoto kusema kweli. Nikagundua kwamba watoto niliowasimulia, ingawa ni wa Likasi kabisa, nao waliyachanganya mambo hayo mawili. Bongo ya mnyama wa hadithini kwao ilikuwa akili.

Katika makala hii naeleza kwa nini ngano yangu ya kwanza ilishindwa, nilibadilisha nini, na lugha yenyewe ilinisaidiaje. Ngano ya pili naiweka hapa nzima, katika vipande vinne vifupi kama nilivyoisimulia, kipande kimoja kila jioni, uani kwetu katika wilaya ya Kikula. Wasikilizaji walikuwa watoto wa uani na wa majirani, wanane au tisa kutegemea siku, wa miaka minne hadi kumi na mmoja. Niliisimulia kwa Kiswahili cha nyumbani. Hapa nimeiandika kwa sanifu, nikiacha maneno machache ya kwetu yasiyo na badala nzuri.

Ngano iliyoshindwa

Katika ngano ya kwanza Kalulu, yaani sungura, aliuza asali iliyochanganywa na maji. Wanyama walimvizia, wakamkamata mtoni akijaza kibuyu, wakampiga. Nilimaliza kwa kusema kwamba mwongo hukamatwa. Watoto walicheka sana, nami nikalala nikiwa nimeridhika.

Kesho yake waliicheza ngano ile, na kila mmoja alitaka kuwa Kalulu. Aliyepewa nafasi hiyo hakuenda mtoni. Alijaza kibuyu chake nyuma ya nyumba, akatuambia kwamba kosa la Kalulu lilikuwa kupita njia moja kila siku. Somo lilikuwa limewaingia vizuri, ila halikuwa somo langu. Walikuwa wamejifunza kujificha.

Kosa halikuwa la watoto. Kalulu ana historia, na msimulizi hawezi kuifuta kwa sentensi moja ya mwisho. Katika hadithi zetu nyingi mnyama mdogo hudanganya kwa sababu hana nguvu, meno wala pembe, na uwongo ndiyo silaha pekee aliyoachiwa. Mambo ndivyo yalivyo pwani pia. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870, kima anachukuliwa baharini na papa anayetaka moyo wake ukawe dawa ya sultani. Kima anadai kwamba moyo ameuacha mtini, anarudishwa pwani, anaruka juu na kupona. Hakuna mtoto mwenye akili atakayesema kwamba kima angetakiwa kusema kweli. Uwongo wa mnyonge mbele ya anayetaka kumuua ni jambo jingine kabisa na uwongo wa muuzaji mbele ya mnunuzi, lakini mimi nilikuwa nimemvalisha muuzaji ngozi ya mnyonge.

Kiambishi kinachovuta huruma

Hapa ndipo isimu ilipoingia. Likasi ulijaa watu waliokuja kufanya kazi migodini na viwandani enzi za Union Minière, wengine kutoka Kasai, wengine kutoka upande wa Zambia ya leo, na kila ukoo ulikuja na mjanja wake. Kalulu anajulikana kwa Wabemba na majirani zao. Kabundi na Kabuluku ni wa Waluba. Yaandike majina hayo matatu pamoja: Kalulu, Kabundi, Kabuluku. Yote yanaanza na ka-.

Ka- katika lugha hizo, na katika Kiswahili chetu cha Katanga, ni kiambishi cha udogo. Mtoto mdogo ni katoto, nyumba ndogo ni kanyumba. Wingi wake ni tu-: tutoto, tunyumba. Kiswahili sanifu hutumia ki- kwa kazi hiyo, na mara nyingi ki- hiyo huwa na dharau kidogo. Ka- yetu inaweza kudharau pia, lakini mara nyingi hubembeleza. Kwa hiyo mtoto wa Likasi akisikia Kalulu, hata kabla mnyama hajafanya lolote, sikio lake limekwisha kuambiwa kwamba huyu ni mdogo, na mdogo huonewa huruma.

Nilifanya mabadiliko mawili. Muuzaji nilimpa jina lisilo na ka- na lisilobeba ujanja katika hadithi nilizosikia nyumbani: Nungu, yule mwenye miiba. Ka- niliihamisha kwa anayeumizwa na uwongo: mtoto wa panya, Kapanya. Sikutaka kuwaambia watoto wamhurumie nani. Nilitaka jina liwaambie.

Asali nayo niliiacha, nikachukua kitu wanachokiona kila wiki. Meka ni kopo la kupimia unga wa mahindi sokoni kwetu. Kila mama anajua kwamba meka inaweza kugongwa chini mpaka ibonyee ndani. Kwa juu inaonekana imejaa sawasawa, lakini unga umepungua. Hata mtoto wa miaka sita ameshamwona mama yake akitia mkono ndani ya kopo kabla ya kununua.

Kipande cha kwanza

Nungu aliuza unga wa mahindi katika soko la wanyama, chini ya mwembe. Meka yake ilichukua konzi kumi za unga, na gunia lake lilitoa meka kumi na nane. Asubuhi moja meka ilimponyoka, ikaanguka juu ya jiwe, chini yake ikabonyea kwa ndani. Nungu akaipangusa vumbi, akaendelea kupima. Jioni akahesabu. Alikuwa ameuza meka kumi na nane, na gunia halijaisha. Akapima unga uliobaki: moja, mbili. Kisha gunia likawa tupu. Nungu akakaa kimya. Akatia mkono ndani ya meka, akapapasa chini, akajua. Usiku ule akapika bukari kubwa kuliko siku zote.

Nilikatia hapo. Angalieni kwamba Nungu hajasema neno. Kopo lilianguka lenyewe, na bado hakuna kosa lolote isipokuwa ile bukari. Niliwauliza watoto kitu kimoja tu: unga wa bukari ile ni wa nani? Wakubwa walihesabu kwa vijiti. Meka sasa inachukua konzi tisa. Kila mnunuzi amekosa konzi moja, wanunuzi ni kumi na wanane, na meka mbili za konzi tisa ni konzi kumi na nane. Hesabu iliangukia mahali pake, na mmoja akasema polepole, "Yaya, amekula ya watu wote." Nilichagua namba hizo makusudi. Mtoto akipata deni kwa hesabu yake mwenyewe, msimulizi hahitaji kulitangaza.

Kipande cha pili

Mama Panya alinunua meka moja siku ileile. Alikuwa na watoto kumi, na kila mtoto alipikiwa konzi moja. Mdogo wao, Kapanya, ndiye aliyebeba unga kutoka sokoni. Mama akapima: moja, mbili, mpaka tisa. Mfuko ukaisha. "Kapanya, konzi yako iko wapi?" "Sijui, mama." "Eti hujui! Nani aliyebeba mfuko?" Kapanya akalala bila kula, na usiku ule hakuna ndugu aliyemsemesha.

Neno dogo katika kipande hiki ni eti, ambalo wengi wetu hulisema ati. Mama Panya anayarudia maneno ya mtoto wake, na kwa eti anaonyesha kwamba hayaamini. Bila neno hilo ningelazimika kueleza: mama hakumwamini, mama alidhani ameiba. Eti inabeba yote hayo, na watoto wanaijua vizuri mno, kwa kuwa wao ndio huambiwa hivyo kila siku. Uani palikuwa kimya. Hapo waliona uwongo wa Nungu umefika wapi bila yeye kufungua mdomo: mtoto msema kweli anaitwa mwongo.

Niliwaacha walale na jambo hilo, na ndiyo sababu ya kuikata ngano vipande. Ngano inayosimuliwa kwa pumzi moja humfikisha mtoto kwenye adhabu au msamaha kabla hajakaa na kosa. Ikikatwa, anakaa nalo usiku kucha na mchana mzima.

Lakini kukata kuna gharama yake katika sarufi. Usimulizi wetu huenda kwa -ka-: akapima, akalala, akajua. Kitenzi chenye -ka- huegemea kilichotangulia. Peke yake hakina mahali pa kushika. Jioni ya tatu nilianza, "Mama Panya akaenda sokoni," na papo hapo nikaulizwa, "Lini? Baada ya nini?" Tukio la kuegemea lilikuwa limebaki jana. Kila kipande kipya kinahitaji kwanza kitenzi chenye -li-, kinachosimama chenyewe katika wakati uliopita, ndipo -ka- zifuate. Msomaji akirudi juu ataona kwamba kila kipande kinaanza hivyo.

Kipande cha tatu

Siku ya soko iliporudi, Mama Panya alikwenda kwa Nungu akimshika Kapanya mkono. "Mzee Nungu, nisaidie. Unga ulipungua konzi moja. Ama mtoto huyu ananiibia, ama meka yako imebadilika." Nungu akaitazama meka. Akamtazama Kapanya. "Mama Panya," akasema, "meka ni ile ile." Mama Panya akamgeukia mwanawe. "Umesikia?" Kapanya hakujibu. Nungu akapima unga, na mkono ukamtetemeka, unga ukamwagika kidogo chini.

Hiki ndicho kipande nilichokifanyia kazi kuliko vyote. "Meka ni ile ile" ni sentensi ya kweli. Kopo halikubadilishwa. Hata hivyo kila anayeisikia anaelewa kwamba kipimo hakijabadilika, na Nungu anajua kwamba ataeleweka hivyo. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1975, alitenganisha kinachosemwa na kinachodokezwa. Tunapozungumza tunachukulia kwamba mwenzetu anajibu swali tulilouliza na anatupa habari ya kutosha. Mama Panya aliuliza juu ya kipimo, kwa hiyo jibu analipokea kama jibu juu ya kipimo. Nungu ametumia uaminifu huo kumpotosha, kwa maneno ambayo hakuna mahakama ingeyaita ya uwongo.

Nilijizuia kabisa kuandika "Nungu akadanganya". Msimulizi akiliweka neno hilo, kazi imekwisha na mtoto hana cha kuamua. Kwa kuwa sikuliweka, uani paligawanyika. "Njo bongo!" wakasema wengine. "Hapana bongo, meka iko ile ile," wakajibu wengine, na aliyeitetea kwa nguvu zaidi alikuwa mvulana wa miaka mitano. Jambo hilo halipaswi kutushangaza. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu hukumu za kimaadili za watoto, alionyesha kwamba watoto wadogo huupima uwongo kwa umbali wa maneno na hali ilivyo, na kwamba nia ya msemaji huanza kuhesabiwa baadaye. Kwa mvulana huyu maneno yalilingana na kopo, basi.

Aliyemjibu alikuwa msichana wa miaka tisa. Hakutoa hoja. Alimuuliza tu, "Sasa Kapanya njo mwizi?" Mvulana alifikiri kidogo, akasema hapana. "Basi Nungu anajua, na amesema nini?" Mvulana hakukubali kwamba ni bongo, lakini alinyamaza. Sikumsaidia. Kuna watoto ambao bado hawajafika hapo, na ngano haiwezi kuwavusha kwa nguvu.

Kipande cha nne

Siku ya tatu ya soko Nungu alifika wa kwanza. Hakufungua gunia. Aliigeuza meka juu chini, akaiweka juu ya jiwe ili kila mnyama aione. "Meka ni ile ile," akasema, "lakini imebonyea. Nimejua tangu siku ilipoanguka. Kapanya hakuiba." Soko likalipuka kwa kelele. Siku mbili, meka kumi na nane kila siku: konzi thelathini na sita. Nungu akafungua gunia jipya, akaanza kulipa. Fisi akasema alinunua meka tano. Nungu alikumbuka mbili tu. Lakini nani angemwamini akibisha? Akamlipa tano. Mama Panya akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Nisamehe, Kapanya." Kapanya akasema, "Na konzi yangu?" Nungu akampimia kwa mkono wake mwenyewe.

Ngano inaishia hapo. Hakuna simba anayemsifu Nungu wala wateja wanaoongezeka. Nilikuwa na mwisho wa namna hiyo katika rasimu, nikaufuta. Mnyama akilipwa kwa kusema kweli, ukweli unakuwa biashara nyingine ya faida, na mtoto atauacha siku usipolipa. Vilevile hakuna aliyemkamata Nungu. Angeweza kukaa kimya mwaka mzima. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na ngano yangu ya Kalulu: pale ukweli ulijitokeza kwa sababu mwongo alikamatwa, na kwa hiyo tiba yake ilikuwa kutokamatwa. Hapa ukweli unatoka mdomoni mwa mwongo mwenyewe, wakati bado angeweza kuuficha.

Fisi aliwakasirisha watoto. Walitaka apigwe, na walinilaumu kwa kumwachia. Lakini ndiye aliyewaonyesha kitu ambacho sikupata kukisema kwa njia nyingine. Nungu alikuwa na haki ya kubisha, na konzi tatu zile hazikuwa deni lake, ila alikuwa ameshapoteza ule uzito unaofanya "hapana" ya mtu isikilizwe. Mmoja wa wakubwa aliliona hilo peke yake: Nungu amefika pale alipokuwa Kapanya. Anasema kweli, na hakuna wa kumwamini.

Jinsi ya kujua kama ngano imefika

Sikuwauliza watoto wamejifunza nini. Mtoto akiulizwa hivyo hutoa jibu analojua mkubwa analitaka, na hapo unakuwa umemfundisha aina nyingine ya bongo. Nilisubiri waisimulie na kuicheza wenyewe, kama nilivyoshtuka mara ya kwanza.

Ishara ya kwanza ni nani wanataka kuwa. Safari hii waligombea nafasi ya Kapanya, na wachache walitaka kuwa Fisi. Nungu walimpa mkubwa wao, wakisema maneno yake ni magumu. Ishara ya pili ni jinsi wanavyoyasimulia maneno ya Nungu. Kwa mtoto ambaye ngano haijamfikia, Nungu alisema meka ni ile ile. Kwa aliyefikiwa, Nungu alisema eti meka ni ile ile. Neno hilo moja linaonyesha kwamba msimulizi mdogo ameyatenga maneno ya Nungu na kweli anayoijua yeye. Kati ya wanne niliowasikia wakisimulia, watatu waliliweka, na hakuna aliyekuwa amelisikia kwangu mahali hapo.

Wa nne alikuwa yule mvulana wa miaka mitano. Alisimulia vizuri, bila eti, mpaka akafika mwisho. Hapo akaongeza kitu ambacho hakimo katika ngano yangu: Kapanya akachukua meka, akatia mkono ndani, akapapasa chini.